L1 iandike papo hapo au iandike baadaye?

Mwaka 2011 AMD walipotoa prosesa za familia ya Bulldozer, walibadilisha jambo moja ambalo mnunuzi wa kawaida hakuwa na jinsi ya kuliona. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na kache ya data ya L1, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu kabisa na kiini, yenye KB 64, inayoandika baadaye. Bulldozer ikaja na KB 16 kwa kila kiini, na kila thamani iliyoandikwa humo ilipelekwa pia L2, ngazi inayofuata ya kache iliyo kubwa na ya polepole zaidi, bila kungoja. L2 hiyo ilikuwa na MB 2, ikitumiwa na viini viwili. Ilipotoka Zen mwaka 2017, L1 ilikuwa na KB 32 na ilirudi kuandika baadaye. Kurudi huko si ushahidi kwamba walikosea, kwa kuwa Bulldozer ilikuwa na udhaifu mwingine mwingi. Lakini ni mahali pazuri pa kupimia hoja za pande mbili.

Tofauti yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwenye duka anayeandika kila deni kwenye kikaratasi cha kaunta na hapo hapo kwenye daftari kubwa la ndani, huyo anaandika papo hapo. Mwenye kuandika kwenye kikaratasi tu, akaingia ndani kikijaa, anaandika baadaye. Kwenye kache, kikaratasi ni mstari wa baiti 64, na mstari uliobadilishwa bila ngazi ya chini kujulishwa huitwa mchafu. Mstari mchafu hauwezi kutupwa hivi hivi. Lazima kwanza urudishwe L2.

Kabla ya kuamua nani mshindi, tuangalie usomaji, maana ndiko hesabu inakoanzia. Wastani wa muda wa kufikia kumbukumbu kwa ngazi mbili ni huu:

```
AMAT = T1 + m1 × (T2 + m2 × Tk)
```

T1 ni muda wa L1, m1 ni sehemu ya maombi yanayokosa L1, T2 ni muda wa L2, m2 ni sehemu ya maombi *yaliyofika L2* ambayo yanakosa huko pia, na Tk ni muda wa kumbukumbu kuu. Nimekoleza maneno hayo mawili makusudi. Tuseme T1 ni mizunguko 4 ya saa ya prosesa, T2 ni 20, Tk ni 200, m1 ni 5% na m2 ni 20%. Jibu ni 4 + 0.05 × (20 + 40), yaani mizunguko 7. Sasa chukua mtu aliyehesabu makosa ya L2 kwa kugawanya na maombi yote ya programu. Atapata 1%, namba sahihi kabisa, lakini akiiweka mahali pa m2 atapata 5.1 na kudhani kompyuta yake ni ya haraka kuliko ilivyo. Kosa hili nimeliona kwenye karatasi za mitihani mara nyingi kuliko lingine lolote katika mada hii.

Thamani za m1 na m2 haziko kwenye chuma peke yake. Zinatokana na ukaribu wa marejeo: programu kurudia anwani ile ile baada ya muda mfupi, au kugusa anwani jirani na ile iliyoguswa sasa hivi. Chukua jedwali la namba 1024 kwa 1024, kila namba baiti 4, nasi tunajumlisha zote.

```c
static int a[1024][1024];
long s = 0;
for (int i = 0; i < 1024; i++)
    for (int j = 0; j < 1024; j++)
        s += a[i][j];
```

Kila mstari wa kache unabeba namba 16, hivyo tunakosa mara moja katika kila 16: m1 ni 6.25%. Jedwali zima ni MB 4 na tunalipitia mara moja tu, kwa hiyo kila kinachokosekana L1 hakimo L2 pia. M2 ni 100%. Wastani ni 4 + 0.0625 × 220, yaani 17.75.

Sasa geuza, usome `a[j][i]`, safu wima moja baada ya nyingine. Kila hatua inaruka baiti 4096. Kache imegawanywa katika seti, na anwani ndiyo inayoamua mstari uingie seti ipi. Katika L1 ya KB 32 yenye seti 64 za mistari 8, mruko huo unaangukia seti ile ile kila mara, kwa hiyo mistari 1024 ya safu moja inagombea nafasi 8. L2 ya KB 512 yenye seti 1024 za mistari 8 nayo haisaidii, kwani safu hiyo inaangukia seti 16 tu, yaani nafasi 128. Tunakosa kote, na wastani unapanda hadi 224. Ongeza namba 16 zisizotumika mwishoni mwa kila mlalo, uwe `a[1024][1040]`, na safu inatawanyika. L1 bado haiitoshi, maana mistari 1024 ni KB 64, lakini L2 inaimeza bila shida, na m2 inashuka hadi 6.25%. Wastani: 4 + 20 + 12.5, sawa na 36.5. Hesabu hizi zimeacha nje uwezo wa prosesa kuvuta mistari mapema kabla haijaombwa, uwezo ambao unaipendelea zaidi ile ya kwanza. Angalia jambo moja la kuchekesha: programu yenye kasi kuliko zote tatu ina m2 ya 100%, sawa na ile ya polepole kuliko zote. Asomaye namba ya L2 peke yake atairekebisha programu isiyo na tatizo.

Hapo ndipo kanuni hii inapoishiwa nguvu. Haijui kuandika. Prosesa ikisoma lazima isubiri thamani ifike. Ikiandika huiweka thamani kwenye bafa, foleni ndogo ya maandishi yanayosubiri kwenda, ikaendelea na kazi. Kwa hiyo swali la kuandika ni la wingi wa safari za kwenda L2, si la urefu wa safari moja. Kipimo ninachokiona kuwa cha haki ni idadi ya mara mstari mmoja unavyoandikwa kabla haujafukuzwa kutoka L1. Tuiite k. Kuandika papo hapo, bila kuuvuta mstari uliokosekana, hugharimu safari k. Kuandika baadaye hugharimu safari mbili, moja ya kuuleta mstari na moja ya kuurudisha ukiwa mchafu, hata kama k ni elfu.

Mfano ulio upande wa kuandika baadaye ni kuhesabu rangi za picha ya kijivu yenye nukta 1024 kwa 1024. Vihesabio 256 vya baiti 4 vinaenea kwenye mistari 16 tu. Anayeandika papo hapo anapeleka L2 maandishi 1,048,576. Anayeandika baadaye anarudisha mistari 16, mara moja, kazi ikiisha.

Tukilijaza lile jedwali mlalo kwa mlalo, k ni 16: safari 1,048,576 dhidi ya 131,072. Bado kuandika baadaye kuko mbele, ingawa kwa baiti hadithi inageuka, MB 4 dhidi ya MB 8, kwani mistari ililetwa ili ifutwe tu. Tukilijaza safu wima, bila zile namba za ziada, k ni 1, na kuandika baadaye kunabeba baiti 128 kwa ajili ya baiti 4. Hapo mtetezi wa kuandika papo hapo ana haki ya kutabasamu. Lakini programu nyingi hazijaandikwa hivyo: rundo la kazi, vihesabio na vigeuzi vya ndani ya kitanzi huandikwa tena na tena mahali pale pale.

Bafa haiwezi kuficha tofauti hii? Kwa muda tu. Tuseme katika maagizo 100 kuna maandishi 15, kiini kinatekeleza agizo moja kwa mzunguko, na L2 inapokea andiko moja kila mizunguko 10. Katika mizunguko 100 yanaingia 15 na kutoka 10. Bafa yenye nafasi 24 itajaa kabla ya mizunguko 500. Ukiifanya kubwa mara mbili, unaahirisha tu. Baada ya hapo kiini kinatembea kwa mwendo wa L2, na maagizo 100 yanachukua mizunguko 150. Viini viwili vikishiriki L2 moja, yanaingia 30. Ndiyo maana Bulldozer iliwekewa kijikache cha KB 4 kati ya L1 na L2, kazi yake kuyaunganisha maandishi ya mstari mmoja yawe safari moja. Kikiunganisha manne kuwa moja, 30 yanakuwa 7.5 na foleni inaisha. Yakitawanyika, hakina cha kuunganisha. Kwa maoni yangu, kijikache hicho kilikuwa ni kukiri kimya kimya kwamba kuandika baadaye kunahitajika mahali fulani, hata kwa jina lingine.

Upande wa pili una hoja nzito ambayo wapenda kasi huiruka. Biti moja ikigeuka ndani ya L1 inayoandika papo hapo, nakala safi iko L2. Inatosha biti ya pariti kugundua kosa, kisha mstari unatupwa na kuletwa upya. Katika L1 inayoandika baadaye, mstari mchafu ndio nakala pekee duniani. Kuusahihisha kunahitaji msimbo wa biti 8 kwa kila biti 64, na ukiandika baiti moja tu lazima kwanza usome zile nyingine saba ili msimbo ukokotolewe upya. Pia, kwa kuandika papo hapo, kiini kingine kikihitaji data kinaipata L2 bila kuichungulia L1 ya jirani. Sun walipotoa UltraSPARC T1 mwaka 2005, viini 8 vyenye nyuzi 4 kila kimoja, walichagua L1 ya data ya KB 8 inayoandika papo hapo juu ya L2 ya pamoja ya MB 3. Kwa seva ambayo uzi mmoja ukikwama mwingine unashika zamu, kupungua kwa kasi ya uzi mmoja hakuumi sana, na usahili huo una faida.

Kati ya L2 na kumbukumbu kuu sioni mjadala: kwa safari ya mizunguko 200, kuandika baadaye kunashinda. Ubishi wa kweli uko kati ya L1 na L2, na hapo kwa kompyuta ya mezani naegemea kuandika baadaye, huku kwa chip yenye viini vingi vidogo na kazi isiyovumilia kosa nikisita.

Kwenye mashine yako mwenyewe, dalili ya foleni ya maandishi ni mizunguko kupanda huku usomaji unaokosa L1 ukiwa mdogo. Kwenye prosesa nyingi za Intel, kwa zana ya perf ya Linux, inaonekana hivi:

```
perf stat -e cycles,L1-dcache-load-misses,resource_stalls.sb ./programu
```

Namba ya mwisho ni mizunguko iliyopotea kwa sababu bafa ya maandishi imejaa. Cachegrind, zana inayoiga kache kwa programu, haitakuonyesha hili. Yenyewe huiga kache inayouvuta mstari kila andiko linapokosa, na haihesabu mistari michafu inayorudishwa.