Jinsi nilivyomuua mdaiwa nikiwa fildi

Kwa kuwa mwenzangu wa fildi ameshatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu la darasa, tena ameongeza chumvi, acha niseme mwenyewe.

Tuko masjala ya mahakama moja hapa Dodoma. Jumatatu karani mkuu alinipa nakala ya cheti cha kifo, ya shauri la mirathi: "Mwanangu, weka kwenye jalada namba 14." Nikaenda kabatini, nikaona 14, mwaka ule ule, nikatoboa, nikafunga kwa tegi, nikaandika namba ya ukurasa pembeni. Safi kabisa! Nikaenda kununua ubuyu.

Sasa, nyie mnaotaka kuja fildi, sikilizeni. Hapa masjala kwetu kila aina ya shauri ina rejesta yake, na kila rejesta huanza kuhesabu moja kila mwaka. Kwa hiyo kuna Mirathi namba 14, na kuna Ndoa namba 14. Mimi nilisoma namba na mwaka. Neno lililotangulia namba nililiona kama pambo.

Jumatano, shauri la ndoa likaitwa. Nimesimama mlangoni na daftari langu, najiona wakili tayari. Mheshimiwa akafunua jalada. Akafunua tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamtazama mdaiwa, mzee mmoja mwenye koti la kaki. Akatazama karatasi. Akamtazama tena mzee, polepole, kama anayehakikisha anapumua.

"Hiki cheti cha kifo ni cha nani katika ndoa hii?"

Kimya. Feni inalia kwa-kwa-kwa. Mzee akajigusa kifuani. Mkewe, aliyekuwa anadai talaka, akainua mkono kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, kwangu mimi alishakufa siku nyingi, ila sikujua kama mahakama imeshapata taarifa."

Ukumbi ukapasuka. Karani mkuu hakucheka, alinigeukia tu. Jamani, kuna macho yanaweza kukufukuza fildi bila barua. Nami, badala ya kunyamaza, nikasema kwa sauti, "Ni mimi, Mheshimiwa." Mzee akanitazama kama nimekiri mauaji.

Mengine yalienda haraka. Mheshimiwa akaandika kwenye mwenendo kwamba cheti kimewekwa kimakosa, kirudishwe kwenye jalada lake. Warithi wenyewe walikuwa kwenye benchi nje tangu saa mbili asubuhi, wameambiwa jalada lao lina upungufu, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia. Niliomba radhi mpaka kwa shangazi yao. Siku hizi karani hanipi karatasi mpaka nimsomee jalada lote kwa sauti: aina, namba, mwaka, majina ya pande zote, kama mtoto wa chekechea.

Jioni natoka getini, naona koti la kaki linanisubiri. Nikajua leo napigwa. Mzee akanivuta pembeni, chini ya mwarobaini:

"Kijana, kile cheti changu huwezi kunipatia kopi? Kuna watu wa kausha damu wananitafuta."