Chokaa ikitoa 10.6, msimlazimishe mwanafunzi aandike 5.4

Kuna jambo linanikera kila msimu wa praktiko za kidato cha sita hapa Dodoma. Mwanafunzi anapima umumunyifu wa chokaa kwa titresheni, anafanya kazi safi kabisa, kisha anakatwa alama kwa sababu Ksp yake, yaani zao la umumunyifu, haifanani na ya kitabuni. Wenzake wanaojua jibu wanarudisha hesabu nyuma na kuandika usomaji wa bureti ambao hawajauona. Hao ndio wanaopata vema. Mimi naona tunamwadhibu aliyepima.

Tuitazame kazi yenyewe. Chokaa ni Ca(OH)₂. Unaikoroga kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, nyingi kiasi cha kubaki mashapo chini, unafunga chupa vizuri na kuiacha usiku kucha. Asubuhi unachuja kwa karatasi kavu, unamwaga matone ya kwanza, unapima 25 mL kwa pipeti, unatia fenolfthalini na kudondosha asidi ya HCl ya 0.1 M mpaka rangi ya waridi ipotee.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi za wengi huku kwetu. Maji ya kisima ya Dodoma, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, tayari yana kalsiamu na baikaboneti. Baikaboneti inakula hidroksidi, na usomaji wa bureti unaweza kupotoka bila wewe kujua. Kama shule haina mtambo wa kutonesha maji, maji ya betri ya kuongezea yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa (siyo ile asidi ya betri, hakikisha). Halafu kuna hewa: ukiona utando mweupe juu ya maji ya chokaa, kabonidioksidi imeshaingia. Na rangi ya waridi ikirudi baada ya kupotea, chembe za chokaa zimepenya kichujio na zinaendelea kuyeyuka. Chuja upya.

Kwenye nyuzi joto karibu 25, kazi safi hutoa usomaji wa kama 10.6 mL. Maana yake hidroksidi ni 0.0424 M na kalsiamu ni nusu yake, 0.0212 M. Zidisha kalsiamu kwa mraba wa hidroksidi: 3.8 × 10⁻⁵. Kitabu kinasema karibu 5 × 10⁻⁶. Ili upate hiyo ya kitabu, bureti ingebidi isome 5.4 mL tu, nusu ya kilichotumika.

Hakuna aliyekosea. Namba ya kitabu imesahihishwa kwa jinsi ioni zinavyovutana majini, na maji ya chokaa yana ioni nyingi za kutosha kupunguza nguvu ya kila moja. Zaidi ya hapo, sehemu ya kalsiamu imeshikana na hidroksidi moja ikawa CaOH⁺. Asidi haijali hayo. Inazimua hidroksidi yote, iliyo huru na iliyoshikwa. Kwa hiyo titresheni inatoa umumunyifu wa kweli, lakini kuuzidisha hivihivi hakukupi namba ya kitabu.

Sasa njoo kwenye ioni ya pamoja, ambako namba hiyo "mbaya" inaonyesha thamani yake. Rudia kila kitu, ila badala ya maji matupu tumia NaOH ya 0.050 M. Bureti itasoma kama 16.8 mL. Kati ya hizo, 12.5 mL ni za ile NaOH uliyoitia mwenyewe, hivyo chokaa imechangia 4.3 mL tu. Kalsiamu imeshuka kutoka 0.0212 hadi 0.0086 M. Hidroksidi yote ni 0.0672 M, na zao lake linakuja 3.9 × 10⁻⁵.

Linganisha: 3.8 na 3.9. Umumunyifu umeanguka chini ya nusu, lakini zao halikutikisika. Ningekuwa nasahihisha, hapo ndipo ningetoa alama nyingi. Na aliyepika 5.4 mL atakwama hapahapa, kwa sababu usomaji wa pili hautakubaliana na uongo wa kwanza.

Angalizo moja kwa walimu wanaopenda kutumia CaCl₂ badala ya NaOH. Ni rahisi, maana huna cha kutoa kwenye usomaji, lakini umumunyifu hushuka kidogo sana kuliko hesabu inavyotabiri. Kila ioni ya kalsiamu ina chaji mbili, hivyo mvutano unaongezeka haraka, na CaOH⁺ nayo inazidi. Darasa litadhani kanuni imeshindwa. Anzeni na NaOH, halafu CaCl₂ iwe swali la wiki inayofuata.

Na andikeni jotoridi kwenye kila jedwali. Chokaa huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji baridi, kwa hiyo chupa iliyokaa usiku wa Julai na iliyokaa mchana wa Novemba hazitatoa usomaji mmoja, hata zikipimwa na mkono uleule.