Mchunguzi wa ndani aandike "imethibitika", au aishie kwenye ushahidi?

Wakaguzi wa ndani na mawakili wa kesi za kazi hawajawahi kukubaliana ripoti ya uchunguzi iishie wapi. Wakaguzi wanataka iseme waziwazi kama tuhuma imethibitika au haikuthibitika. Mawakili wanaowatetea wafanyakazi wanajibu kwamba hiyo si kazi ya mchunguzi: akusanye ushahidi, aseme kama kuna jambo la kujibiwa, kisha akiachie kikao cha nidhamu. Mabishano haya yakifanywa hewani kila upande unashinda, kwa hiyo nitatumia kisa cha kutunga, cha ghala la kahawa hapa Moshi.

Kampuni imepokea kilo 10,000 za kahawa ya maganda, yaani magunia 200 ya kilo 50. Miezi miwili baadaye mzigo unapelekwa kiwanda cha kukoboa na mizani ya kule inasoma kilo 9,360. Zimepungua kilo 640. Mwajiri anamwandikia stoo kipa barua ya kumtuhumu kwa "wizi wa kilo 640 za kahawa" na kumteua mkaguzi wa ndani achunguze.

Ripoti nyingi huharibikia hapa hapa, kabla shahidi wa kwanza hajahojiwa. Sentensi ile ya barua ina maswali manne yaliyofungwa fundo moja. Je, upungufu upo, na ni wa kiasi gani? Je, kuna mzigo uliotoka ghalani bila hati? Kama upo, nani aliutoa? Na je, aliutoa ili ajinufaishe? Kila swali lina ushahidi wake, na linaweza kupata jibu tofauti na jirani yake. Mchunguzi akiyaacha yalivyo, atalazimika kusema ndiyo au hapana kwa yote manne kwa mpigo, na mara nyingi atasema ndiyo, kwa kuwa la kwanza liko wazi mno.

Tuanze na hilo la kwanza, maana lina mtego. Daftari la mapokezi linaonyesha kahawa iliingia ikiwa na unyevu wa asilimia 14. Kiwandani ilipimwa ikiwa na asilimia 12. Kahawa iliyokauka kiasi hicho hupungua uzito bila mtu kuigusa: katika kilo 100 zenye unyevu wa 14, kahawa yenyewe bila maji ni kilo 86, na kilo 86 hizo ndizo zinazokuwa asilimia 88 ya mzigo uliobaki. Sasa mchunguzi anaangalia hati ya kupakia mzigo wa kiwandani. Imeandikwa magunia 192, si 200. Magunia 192 yalikuwa na kilo 9,600 siku ya kupokelewa. Yakikauka kutoka 14 hadi 12 yanabaki na takriban kilo 9,382. Kiwanda kilipima 9,360.

Kwa hiyo zile kilo 640 zimegawanyika. Kilo 400 ni magunia 8 ambayo hayakufika kabisa. Kilo 218 ni maji yaliyokauka. Zinabaki kilo 22 ambazo huenda ni kumwagika, tofauti ya mizani, au vyote viwili, na ripoti inatakiwa iseme hivyo bila kuzitafutia mwizi. Matokeo ya tuhuma ya kwanza yanaandikwa hivi: imethibitika kwa sehemu, magunia 8 na si kilo 640.

Sasa swali la nani. Daftari la getini linaonyesha kwamba Jumanne moja, wiki tano kabla ya upungufu kugunduliwa, kirikuu iliingia saa 12:50 jioni na kutoka saa 1:25 usiku. Siku hiyo hakuna hati yoyote ya kutolea mzigo. Mlinzi anasema alimwona stoo kipa akifungua ghala na vijana wakipakia magunia "kama manane". Funguo ziko seti mbili. Ya pili iko kwenye kasiki ya meneja wa tawi, na rejista haionyeshi kwamba ilichukuliwa wiki ile. Stoo kipa anasema aliondoka kazini saa 11 jioni, na kwamba mlinzi ana kisasi naye kwa sababu aliwahi kumripoti kwa kulala lindoni. Barua ya kumripoti ipo kweli, ya miezi miwili nyuma.

Mchunguzi mvivu ataandika: "Baada ya kupitia maelezo ya pande zote, mchunguzi anamwamini mlinzi." Hiyo si sababu. Sababu iko kwenye tarehe. Kisasi kinaweza kueleza kwa nini mlinzi amtaje stoo kipa leo. Hakiwezi kueleza kwa nini aandike kirikuu getini wiki tano kabla mtu yeyote hajajua kuna magunia yaliyopungua, labda kama mstari ule uliongezwa baadaye. Basi mchunguzi anaangalia ukurasa wenyewe: mstari uko katikati ya maandishi ya walinzi wengine wawili, hakuna nafasi iliyoachwa wala palipofutwa. Gari lilikuja. Lakini daftari halisemi nani alifungua ghala. Kwa hilo tuna neno la mlinzi, ambaye ana sababu ya kumchukia mtuhumiwa, likiungwa mkono na rejista ya funguo. Mlinzi wa pili aliyesema "nilisikia kwa mwenzangu" haongezi kitu; ni ushahidi uleule umesemwa mara mbili, na nimeona wachunguzi wakiuhesabu kama mashahidi wawili.

Hapa ndipo kipimo kinapoingia. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinaweka mzigo wa kuthibitisha kwa mwajiri, na zinasema inatosha athibitishe sababu yake kwa mizania ya uwezekano. Maana yake ni kuuliza kama jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Si lazima shaka yote iondoke kama katika kesi ya jinai. Kwa ushahidi tulionao, gari lipo, hati haipo, ufunguo mmoja ulikuwa kasikini na mwingine mfukoni mwa stoo kipa, na shahidi anasema alimwona. Tuhuma ya pili na ya tatu zinavuka mstari, ya tatu kwa tabu kidogo.

Ya nne haivuki. Hakuna anayejua magunia yalikwenda wapi, nani alilipwa, wala kama stoo kipa aliagizwa na mtu. Wapo watakaosema kwamba mtu anayetoa magunia 8 usiku bila hati anajulikana anafanya nini. Pengine. Lakini mahakama za ukanda huu zimekuwa makini na madai ya aina hii tangu zamani: katika Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji, mwaka 1957, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema dai la udanganyifu katika kesi ya madai linahitaji kitu zaidi ya mizania ya kawaida, ingawa halifikii kiwango cha jinai. Ile haikuwa kesi ya ajira, na kanuni za 2007 zinatumia mizania ya kawaida. Hata hivyo, mchunguzi mwenye busara haandiki neno "wizi" pale ambapo "alitoa mzigo bila hati" linamtosha mwajiri na lina ushahidi.

Turudi kwenye ubishi wetu. Hoja ya mawakili ina uzito, na inatoka kwenye kanuni zilezile. Kanuni ya 13 inasema uchunguzi unafanywa ili kujua kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Kikao ndiko mfanyakazi anakopewa nafasi ya kujibu, kuwahoji mashahidi na kuita wa kwake, baada ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, mbele ya mwenyekiti asiyehusika na tukio. Mlinzi wetu hajaulizwa hata swali moja na stoo kipa. Ripoti ikishaandika "imethibitika kwamba stoo kipa alifungua ghala", mwenyekiti, ambaye huenda ni mhasibu wa tawi lingine na hajawahi kuendesha kikao, atalinakili neno hilo kwenye uamuzi wake. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muhtasari wa kikao ukisomwa sambamba na ripoti na kukutwa na sentensi zinazofanana neno kwa neno, mwajiri atapata shida kueleza kikao kile kilikaa kufanya nini.

Lakini tazama kinachotokea tukiondoa matokeo kwenye ripoti. Kikao kinakabidhiwa viambatisho: madaftari, hati, maelezo ya mashahidi. Nani atapiga hesabu ya unyevu? Hakuna. Hati ya mashtaka itaandikwa kilo 640 kama barua ilivyosema, na stoo kipa ataulizwa arejeshe thamani ya kilo 640, zikiwemo 218 zilizopaa na jua la Kilimanjaro. Tuhuma ya wizi nayo haitafutwa na mtu. Itabaki ikielea kwenye faili lake. Wanaodai kwamba ripoti isiyo na matokeo inamlinda mfanyakazi hawajatazama upande huu. Matokeo ndiyo yaliyompunguzia mtuhumiwa mzigo katika mawili kati ya maswali manne.

Kwa hiyo naegemea upande wa wakaguzi, kwa masharti ambayo wengi wao hawayapendi. Matokeo yaandikwe kwa kila tuhuma peke yake, na yatanguliwe na maneno "kwa ushahidi uliopatikana kabla ya kikao". Pale yanapotegemea shahidi mmoja ambaye hajahojiwa na mtuhumiwa, ripoti iseme hivyo hapo hapo, si kwenye kiambatisho. Hoja ya kisasi ielezwe kwa nguvu yake yote kabla ya kujibiwa. Na hitimisho lisiguse adhabu. Sentensi kama "inapendekezwa aachishwe kazi" haina mahali kwenye ripoti, kwa sababu mchunguzi hajasikia utetezi, hajui miaka ya utumishi wala maonyo ya nyuma. Hitimisho la kisa hiki linatosha kusema: kuna jambo la kujibiwa kuhusu kutoa magunia 8 bila hati, hakuna la kujibiwa kuhusu upungufu uliobaki, kujinufaisha hakukuthibitika.

Ripoti iongeze pia ni kitu gani kingebadilisha matokeo. Tuseme kwenye kikao stoo kipa anatoa simu yake, na ndani kuna ujumbe wa meneja wa tawi wa Jumanne ile unaosema afungulie kirikuu, hati itafuata. Hapo matokeo ya tuhuma ya pili yanabaki yalivyo, maana mzigo ulitoka bila hati. La tatu nalo halibadiliki, isipokuwa sasa yeye mwenyewe amekiri aliloona mlinzi. Kinachobadilika ni uzito wa kosa lake, na jina la mtu anayepaswa kuchunguzwa baada yake.