Mawe ya Mwanza hayakutemwa na volkano

Nimemaliza kusahihisha karatasi 43 za Jiografia za kidato cha tatu, na swali moja limenikalisha kuliko yote. Lilikuwa na picha ya kilima cha mawe pembezoni mwa Mwanza: mawe makubwa ya duara yamebebana, chini yake mteremko wa udongo wa kichanga, na bondeni udongo mweusi wa mbuga uliopasukapasuka. Mwanafunzi aeleze mwamba ule ulitokeaje, mawe yalipataje umbo lile, kisha achore matabaka ya udongo na kutaja kilichoyafanya.

Zaidi ya nusu wameandika kwamba mwamba ule ulitokana na mlipuko wa volkano. Naelewa wanakoipata. Tunawafundisha kwamba graniti ni mwamba wa moto, na mtoto akisikia moto anaona Ol Doinyo Lengai ikitema lava. Neno lenyewe linamvuta huko. Lakini graniti ya Mwanza ilipoa chini kabisa ya ardhi, polepole mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na haikufika juu ikiwa uji. Ushahidi uko kwenye jiwe lenyewe. Ukilivunja unaziona chembe zake kwa macho: kwatzi inayofanana na kioo, feldispa ya waridi au nyeupe, na ulanga unaometa. Uji wa mwamba ukipoa taratibu chembe hupata muda wa kukua. Lava iliyomwagika juu hupoa haraka, ndiyo maana jiwe jeusi la miteremko ya Kilimanjaro mara nyingi lina chembe ndogo usizoweza kuzitenganisha bila lenzi.

Kwa hiyo nikikuta "volkano", sipigi mkasi nikaendelea. Nasoma sentensi inayofuata. Mwanafunzi mmoja ameandika volkano, kisha akaongeza kwamba uji ulipoa taratibu "ndani" hadi chembe zikawa kubwa. Huyo anaujua mchakato, jina ndilo limemponyoka. Mwingine ameandika jina sahihi kabisa la mwamba uliopoa ndani, halafu akaeleza kwamba lava ilitoka kwenye kreta ikatiririka. Huyu amekariri. Mwongozo wa kusahihisha niliopewa ulimpa wa pili alama na kumnyima wa kwanza. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Alama ya jina iwe ya jina, na alama ya maelezo iwe ya maelezo, kila moja isimame peke yake.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la umbo la mawe. Wengi wameandika "mmomonyoko", wakaeleza kwamba maji na upepo viliyasugua mawe mpaka yakawa duara, kama kokoto za mtoni. Mmomonyoko maana yake ni kitu kung'olewa na kuchukuliwa kwenda kwingine. Mawe yale hayakwenda popote. Mwamba ulikuwa na nyufa zilizokatana kama matofali, na maji ya mvua yakazama humo wakati bado umefunikwa na udongo. Maji hayo huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, hivyo yana ukali kidogo. Ukali huo huigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, na mwamba unaoza palepale ulipo. Uso wa tofali unaliwa upande mmoja, lakini pembe inaliwa pande tatu kwa mpigo, kwa hiyo pembe hutangulia kuisha na kinachobaki katikati ni duara. Baadaye sana ndipo mmomonyoko ulipokuja kuuchukua ule uozo na kuyaacha mawe wazi.

Yaani michakato ni miwili na imefuatana: kwanza mwamba kuoza palepale, kisha mmomonyoko. Anayetaja mmomonyoko peke yake amesimulia sura ya mwisho na kuiruka ya kwanza. Siku hizi pembeni ya jibu kama hilo naandika swali moja tu: "Nani alibeba nini, kutoka wapi, kwenda wapi?" Kama hakuna kilichobebwa, si mmomonyoko. Mwanafunzi akipita barabara iliyokatwa kwenye kilima kama hicho anaweza kujionea mawe ya duara yakiwa bado yamekaa ndani ya mwamba uliooza, kila moja mahali pake, na hapo jibu la kusuguliwa linaanguka lenyewe.

Tukishuka kwenye udongo, neno mmomonyoko linatokea tena, safari hii ndani ya mchoro wa matabaka. Wameeleza vizuri kwamba tabaka la juu ni jepesi na la kichanga, la chini ni zito lenye mfinyanzi mwingi, kisha wakasema tofauti hiyo imeletwa na mmomonyoko. Hapa kweli kuna kilichobebwa, ila kimeteremka wima, ndani ya udongo uleule. Maji ya mvua yanaposhuka hubeba chembe laini za mfinyanzi na kuzituamisha chini. Ukichimba shimo na kumega bonge la tabaka la chini, kwenye nyuso zake unaweza kukuta utando unaong'aa kama umepakwa nta. Huo ni mfinyanzi uliotoka juu. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi kwenye shimo la msingi wa nyumba, kila mmoja akamega bonge lake akaligeuza juani, na tangu siku hiyo hawakuliita tena tabaka lile mmomonyoko.

Wapo walioandika kwamba mfinyanzi "umeyeyuka" ukashuka. Kinachoyeyuka ni chumvichumvi kama kalisi, na mfinyanzi husafiri ukiwa chembe. Kwa kidato cha tatu simkati mtu alama kwa hilo, namwandikia sahihisho tu. Kidato cha sita ningemkata.

Mbuga ndiyo iliyowatega hata wanafunzi hodari. Wamesema ni nyeusi kwa sababu ya mboji nyingi, na wakachora matabaka manne yaliyopangika vizuri. Udongo huu unaweza kuwa mweusi ti na mboji yake ikawa kidogo. Mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi nyufa hufunguka, udongo wa juu hutumbukia humo, masika hufura na kujisukuma, na hivyo hujichanganya wenyewe mwaka hadi mwaka. Mchoro wenye mistari minyoofu ya matabaka hauwezi kuwa wa mbuga.

Ufuatano huu, kutoka mawe ya kileleni hadi mbuga ya bondeni, ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, aliuita katena katika miaka ya 1930, yaani mnyororo. Kwatzi isiyooza kirahisi hubaki juu kama mchanga, na mfinyanzi pamoja na vilivyoyeyuka huishia chini. Wasukuma walikuwa na majina ya viungo vya mnyororo huo tangu zamani: luseni kwa ule wa kichanga, itogolo kwa ule mgumu wa katikati, mbuga kwa ule wa chini.

Msichana mmoja ameandika "luseni" ndani ya jibu lake, akaeleza kwamba ni mchanga uliobaki baada ya jiwe kuoza, na kwamba nyumbani kwao hupandwa mihogo. Jina la mchakato huo wa kuoza hakulitaja. Mwongozo ulimpa sifuri. Nimempa alama mbili kati ya tatu, na juu ya neno luseni nimeandika jina la mchakato kwa wino mwekundu ili alichukue akiwa na maana yake.