Asilimia 13.5 yatosha kwa mahindi, je, kwa dagaa?

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Mashine ikisoma 13.4 mzigo unashushwa, ikisoma 15 dereva anaambiwa ageuze au akaanike. Katika samaki wakavu nako watu wameanza kuuliza asilimia: dagaa hawa wana ngapi, papa huyu ana ngapi? Wataalamu wa chakula wanasema swali hilo limekosewa, kwamba kinachoamua chakula kikae muda gani ni kipimo kingine, wanachokiandika aw. Wafanyabiashara wanajibu kwamba asilimia imewafaa miaka yote. Kwa maoni yangu kila upande una haki kwenye bidhaa yake.

Tuanze na hiyo aw. Tia mahindi kwenye chupa, funga kifuniko barabara, acha mpaka hewa ya ndani itulie. Nafaka itaachia mvuke kiasi fulani, kisha itasimama. Unyevu wa hewa hiyo ukiwa asilimia 70, aw ya mahindi ni 0.70. Maji matupu yana 1. Kipimo hiki kinaonyesha ni kiasi gani cha maji kiko wazi kutumiwa na vijidudu, kwa sababu maji mengine yameshikwa na wanga, protini, sukari au chumvi, na kijidudu hana nguvu za kuyanyofoa.

Kila kijidudu ana mpaka wake. Bakteria wengi waozeshaji hukoma aw ikishuka chini ya 0.91. Stafilokokasi, yule wa sumu ya chakula, huvumilia mpaka karibu 0.86. Kuvu wanaotengeneza sumukuvu huishia karibu na 0.80. Chini yao wako kuvu wazoefu wa ukavu, wanaoweza kuota polepole hata pakiwa na 0.70 na kidogo, na kuota kwao huleta joto na maji yanayowafungulia njia wenzao. Ndiyo maana ghala huwekewa lengo la 0.65 hadi 0.70. Chini ya 0.60 hakuna kinachoota.

Sasa upande wa asilimia. Mahindi yenye unyevu wa 13.5 katika joto la kawaida yanaangukia humo humo, kati ya 0.65 na 0.70. Nafaka moja, wanga ule ule, kwa hiyo uhusiano wa vipimo viwili haubadiliki sana kutoka shamba hadi shamba. Halafu biashara ni uzito. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 za nafaka kavu. Likianikwa mpaka 13.5 linabaki kilo 94.8. Kilo tano na kidogo ni maji, na mnunuzi hataki kuyalipia. Kipimo cha aw hakiwezi kumwambia hilo. Anayetaka kuifuta asilimia kwenye soko la mahindi hajawahi kupatana bei.

Asilimia inaanza kudanganya inapohamishwa kutoka bidhaa moja kwenda nyingine. Karanga hazihifadhiki salama zikipita asilimia 7 au 8, maana karibu nusu yake ni mafuta na mafuta hayashiki maji. Maji yote yanabanana kwenye sehemu isiyo mafuta. Dagaa ni hivyo hivyo. Chukua mafungu mawili, yote yakiwa na unyevu wa asilimia 15. La kwanza lina mafuta asilimia 5, la pili 20. Kwenye la kwanza gramu 15 za maji zinagawanywa kwa gramu 80 za mwili mkavu, kwenye la pili kwa gramu 65. Kwa kijidudu, fungu la pili ni bichi zaidi, ingawa karatasi ya maabara inaonyesha namba ile ile.

Chumvi ndiyo inayovuruga kabisa. Papa wa chumvi anaweza kuwa na maji asilimia 40 na chumvi asilimia 15. Hiyo ni zaidi ya gramu 37 za chumvi kwa kila gramu 100 za maji, na maji hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 36 hivi. Yameshiba, na maji yaliyoshiba chumvi yana aw ya 0.75. Mahindi hufika 0.75 yakiwa na maji asilimia 15 tu. Mwonyeshe papa huyo mtu anayejua asilimia peke yake, atasema bado mbichi. Mwonyeshe samaki asiyetiwa chumvi mwenye maji hayo hayo 40, atasema vile vile, ila huyo ataoza kweli.

Ila 0.75 ya chumvi haishuki yenyewe. Bakteria wa kawaida wamezuiwa, lakini bakteria wapenda chumvi, wale wanaoacha utando wa rangi ya waridi, na kuvu wa madoa ya kahawia wanaweza kuishi hapo. Na hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, chumvi huanza kunywa maji kutoka hewani. Masika ya pwani hupita hapo bila shida, na ndipo ng'onda aliyekauka vizuri Februari anapotota juu ya rafu mwezi Aprili. Mwanikaji hana kosa, kosa ni la kumwacha wazi.

Hoja nzito dhidi ya aw ni bei ya mashine yake, na kwamba inahitaji joto lililotulia na subira. Hoja hiyo naiona dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu wakulima wengi wana kipimo cha aw bila kukiita hivyo. Mabwana shamba hufundisha kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, kutikisa, kisha kutazama kioo. Chumvi ikiganda ukutani, mahindi yamezidi asilimia 15. Chumvi haijui asilimia. Inalowa hewa inapofika unyevu wa 75, yaani aw 0.75. Upungufu wake ni kwamba inakamata mahindi mabichi tu. Yenye 0.72 yataiacha chumvi ikiwa kavu, na bado hayajafika lengo la ghala.

Kwa dagaa wasio na chumvi ningechukua haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, ndogo ya bei rahisi, niifungie na konzi kadhaa za dagaa kwenye mfuko mzito wa plastiki kivulini, nisome baada ya saa chache namba ikishaacha kusogea. Ikipita 70, warudi kwenye chanja. Ikiwa 65 au chini, wafungwe siku hiyo hiyo, kabla hewa ya usiku haijawarudisha. Kuwakausha kupita kiasi nako kuna gharama: mafuta ya samaki mkavu mno huharibika upesi kwa hewa, na dagaa wanageuka wachungu na wa manjano bila kijidudu hata mmoja kushiriki.

Kuna mahali vipimo vyote viwili vinanyamaza. Sumukuvu iliyotengenezwa shambani, au wiki ile mahindi yaliposhindwa kukauka, haiondoki nafaka ikifikia 0.65. Histamini, sumu ya samaki aliyelala juani kabla ya kuanikwa, haiondoki pia, hata kwa kupikwa. Ukavu unasimamisha ukuaji, hausafishi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu mashariki mwa Kenya yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317. Mahindi ya namna hiyo hata yakianikwa upya yakasoma 13, mashine ingeyapitisha. Kwa mzigo uliowahi kulowa, hata kama leo ni mkavu, kinachotakiwa ni kupima sumukuvu yenyewe.