Januari huuza viatu hata bila tangazo

Kila Februari wenye maduka ya sare na viatu vya shule huletewa ripoti ileile: tulianza kutangaza Desemba, Januari mauzo yakapanda mara nne, kwa hivyo mwakani ongezeni bajeti. Nimesoma moja juzi na bado inanikera. Mzazi mwenye mtoto anayeingia Gredi ya Kwanza atanunua viatu vyeusi, utangaze usitangaze. Ukilinganisha Januari na Novemba, unalipia tangazo kazi iliyofanywa na kalenda.

Kipimo ni miaka iliyopita, ila si Januari kwa Januari. Hapa Kenya, baada ya korona kuvuruga ratiba, mwaka wa masomo wa 2022 ulianza Aprili 25, na wa 2023 ukaanza Januari 23. Januari 2022 wanafunzi walikuwa wakiingia muhula wa tatu. Ukiweka miezi hiyo miwili bega kwa bega utaona ongezeko ambalo hakuna tangazo lililolileta. Hesabu kutoka siku ya kufungua shule: wiki tatu kabla, mbili, moja, kisha wiki inayofuata. Wauza mbegu nao wahesabu kutoka mvua ya kupandia iliponyesha, maana mkulima hafuati tarehe.

Hata hapo kazi haijaisha. Chukua mfano wa duka lenye matawi Nakuru na Eldoret. Msimu uliopita, bila tangazo, Nakuru iliuza jozi 500 na Eldoret 400. Safari hii unatangaza Nakuru peke yake. Nakuru inauza 660, Eldoret 480. Ripoti itadai jozi 160. Lakini Eldoret imepanda asilimia 20 bila tangazo lolote, kwa hivyo Nakuru ingefika 600 yenyewe. Cha tangazo ni jozi 60. Kama kila jozi inakuachia faida ya shilingi 300, umepata 18,000. Ikiwa tangazo lilikula 30,000, umepata hasara ya 12,000 huku unapigiwa makofi.

Na hizo 60 zenyewe usizishike haraka. Rudi misimu mitatu minne nyuma, ugawanye mauzo ya Nakuru kwa ya Eldoret. Safari hii jibu ni 1.375. Kama lilishawahi kufika 1.4 bila tangazo, basi jozi 60 ni mawimbi ya kawaida ya biashara. Kama misimu yote lilikaa karibu na 1.25, hapo nitakusikiliza. Tazama pia wiki ya baada ya kufungua: Nakuru ikishuka kuliko kawaida yake, tangazo liliharakisha tu wateja waliokuwa njiani.

Nakubali kwamba kuacha tawi moja kimya msimu wa mauzo kunauma, na mwenye duka moja tu hana pa kulinganisha. Lakini mwenye matawi mawili achague la kunyamaza mapema, Novemba, kabla hajajua lipi litauza vizuri, na aandike chaguo hilo mahali ambapo aliyelipwa kutangaza hawezi kulibadilisha.