Tangi limeahidiwa, kwenye bajeti halimo

Kuna binti kwenye kikundi chetu, anajitolea tu, hana cheo na hana posho, alipewa kazi ambayo wengi huwa tunaikwepa: kupitia bajeti ya mradi kabla ya manunuzi kuanza. Mradi wenyewe ni wa kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi, na andiko la mradi linasema wazi kabisa kwamba kikundi kitaweka tangi moja la lita 10,000 pamoja na koki za kunawia mikono. Mwalimu mkuu aliambiwa hivyo, wazazi waliambiwa hivyo, na muhtasari wa kikao una sentensi hiyohiyo. Sasa binti akafungua faili la bajeti, akaweka andiko pembeni, akawa anaweka tiki: kila kitu kilichoahidiwa kwenye andiko anakitafuta kwenye bajeti. Gata zipo, bomba la kushusha maji kutoka kwenye gata lipo, koki 6 zipo, fundi yupo, mafunzo ya usafi yapo, hadi kibao cha mradi kipo. Tangi hakuna.

Yaani fikiria huo mfumo jinsi ulivyo kwenye karatasi, maji yanatoka kwenye bati yanaingia kwenye gata yanashuka kwenye bomba halafu yanafika kwenye koki bila kukaa popote. Mvua ikinyesha koki zinatoa maji, ikikatika na koki zimekauka. Na watu kama saba hivi waliusoma mradi huu wakaupitisha, mimi nikiwa mmojawapo.

Kilichomshtua zaidi ni namba za mistari. Fungu la pili lilikuwa na 2.1, 2.2, 2.3, halafu 2.5. Hiyo 2.4 haipo, kwa sababu namba ziliandikwa kwa mkono na aliyefuta mstari hakuzirekebisha. Jumla yenyewe haikulalamika, maana fomula ya `=SUM(F5:F16)` ukifuta mstari katikati inajirekebisha yenyewe na inakupa jumla safi kabisa, hakuna sehemu itakayowaka nyekundu kukuambia kuna kitu kimetoka. Ndiyo maana mimi simwamini mtu anayesema ameikagua bajeti kwa sababu jumla inakubali. Jumla inaonyesha kwamba vilivyomo vimejumlishwa vizuri basi, habari ya vilivyokosekana haimo.

Ilivyotokea tuliipata baada ya kufungua toleo la zamani la faili. Rasimu ya kwanza ilizidi kikomo cha mfadhili, tangi peke yake lilikuwa karibu asilimia 18 ya bajeti yote, na usiku wa kuamkia siku ya kutuma mtu akaondoa mstari mmoja mkubwa ili jumla ishuke, akiamini tangi litatoka kwenye michango ya wanakikundi. Hakuna aliyeahidi huo mchango, hakuna barua, hakuna kikao. Na maelezo ya andiko hayakuguswa, kwa hiyo mfadhili amesoma tangi na amelipia gata.

Naomba nieleweke hapa, hakuna aliyekula hela. Mama mhazini alilia kikaoni kwa sababu kuna watu walianza kumwangalia kwa jicho lile, na haikuwa haki, hela zote zipo benki. Ila kwa mtoto wa shule anayesubiri maji matokeo ni yaleyale, na ndiyo sababu nakasirika watu wakisema ni kosa dogo la kiuandishi.

Baada ya hapo ikaja hoja ambayo naipinga kwa nguvu zote: tununue tangi kimyakimya kwa fungu la dharura na kwa kupunguza mafunzo, mfadhili hatajua. Mikataba mingi ya ruzuku inaruhusu kuhamisha kiasi kidogo kati ya mistari iliyopo, mara nyingi asilimia 10, lakini kuongeza mstari mpya kabisa ambao haukuwepo kwa kawaida kunahitaji kibali cha maandishi, tena kabla ya kutumia. Mkaguzi akija akakuta risiti ya tangi halafu kwenye bajeti iliyosainiwa hakuna tangi, hayo ni matumizi yasiyoruhusiwa na kikundi kinaweza kudaiwa kurudisha, hata kama tangi limesimama pale na lina maji. Binti alisema hivyo kikaoni kwa sauti ya chini kidogo, mzee mwenyekiti akamwambia, "Rudia mwanangu, wa nyuma hawajasikia," akarudia.

Halafu kuna kitu kingine alikiona ambacho hata rasimu ya kwanza haikuwa nacho. Tangi si tangi peke yake. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo lita 10,000 ni tani 10 zimekaa sehemu moja, huwezi kuziweka juu ya udongo uliolainishwa na mvua ileile unayoivuna. Lazima kuwe na msingi wa zege, umwagiliwe maji angalau wiki nzima kabla ya kubeba mzigo, na uinuke kiasi cha ndoo kupita chini ya koki. Kuna usafiri, kwa sababu tangi kubwa halibebwi na gari lolote lile. Kuna viungio, bomba la kumwaga maji yanayozidi, wavu wa kuzuia majani na mbu. Rasimu ya zamani ilikuwa na bei ya tangi tu, kwa maana hiyo hata mstari ungebaki bado tungekwama, tungekuwa na tangi limelala uwanjani.

Pendekezo lililopitishwa kikaoni ni tangi la lita 5,000 sasa hivi, na msingi ujengwe wa kutosha matangi mawili. Hela inatoka kwenye mafunzo, yatakuwa siku moja badala ya mbili, na kwenye kibao cha mradi ambacho kimefutwa kabisa. Jumla ya bajeti haibadiliki. Barua kwa mfadhili ni ya ukurasa mmoja, inasema kilichosahaulika, hela inatoka mstari gani kwenda mstari gani, na kwamba hatununui chochote mpaka watujibu kwa maandishi.

Lita 5,000 zinatosha nini? Shule ina watoto 300, tukikadiria lita 1 ya kunawa kwa kila mtoto kwa siku basi ni lita 300, tangi likijaa linaenda siku 16 hivi bila mvua. La lita 10,000 lingeenda siku 33. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye kiangazi. Kujaa si shida sana, bati tunalolitumia ni mita 12 kwa 8, mvua ya milimita 20 inaleta kama lita 1,500 ukishaondoa yanayorukia nje na kupotea.

Tulichobakia kubishana ni lini tumwambie mwalimu mkuu. Wengine wanataka tusubiri jibu la mfadhili ili twende na habari kamili. Mimi na yule binti tunasema aambiwe wiki hii, kwa sababu wazazi walikuwa wanachanga kununua mapipa ya maji wakasimamisha waliposikia tangi letu linakuja, na kila wiki tunayokaa kimya ni wiki ambayo wao hawachangi na sisi hatujanunua. Wenyewe ndio waamue kama wanaendelea na mapipa au wanasubiri, lakini waamue wakijua ni lita 5,000 na kwamba kibali bado hakijatoka.